Kosa Lililoanzia kwa “Mon”

Sentensi yenyewe ina maneno sita tu: “Mon école est grand et beau.” Iliandikwa na msichana wa kidato cha pili, mkazi wa Likoni, ambaye kila Jumamosi huvuka feri, akapanda matatu hadi Kisauni, ninakofundisha Kifaransa kikundi kidogo cha watu wa kila aina. Alikuja nayo ikiwa imeshasahihishwa kwingine. “Grand” limezungushiwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa “grande”. “Beau” nalo limezungushiwa, juu yake “belle”. Makosa mawili, alama mbili zimekwenda. Alikusudia kusema “Shule yangu ni kubwa na nzuri.”

Aliniwekea daftari mbele akaniuliza: “Mwalimu, kwani hapa nimekosa nini? ‘Mon’ ni ya kiume. ‘Grand’ ni ya kiume. ‘Beau’ ni ya kiume. Si vyote vimepatana?”

Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko wino ule mwekundu. Maneno yale kweli yamepatana. Mtoto hakusahau upatanisho wa kisarufi, bali aliufuata hatua kwa hatua hadi mwisho. Ila alipatanisha vivumishi na shahidi asiyeaminika. Si makosa mawili. Ni moja, tena halimo kwenye maneno yaliyozungushiwa wino. Limeanzia kwenye neno la kwanza, ambalo liliachwa bila alama, kwa kuwa ni sahihi.

Tuanze na kinachotakiwa. Kifaransa hugawa nomino zake zote mafungu mawili, na wanasarufi huyaita jinsi ya kiume na jinsi ya kike. Majina hayo yamewapoteza watu wengi. Ukiambiwa kiti “chaise” ni cha kike na kochi la mtu mmoja “fauteuil” ni la kiume, utaanza kutafuta uke wa kiti usiupate. Sisi tuna dawa yake nyumbani. Mtoto wa Likoni hajawahi kujiuliza kwa nini kisu kiko pamoja na kiti, au kwa nini mti na mkono vinapatana sawasawa ilhali kimoja ni mmea na kingine ni kiungo cha mwili. Hizo ni ngeli. Basi na aichukue jinsi ya Kifaransa kuwa ngeli, ziwe mbili tu, na ajifunze kila nomino pamoja na ngeli yake. “École” iko katika ngeli ya kike. Maneno yanayoihusu katika sentensi, yaani kimilikishi kilichotangulia na vivumishi viwili vilivyofuata, yanatakiwa yaifuate.

Na hapa Mswahili ana faida ambayo wanaofikiri kwa Kiingereza hawana. Sisi hatuoni ajabu kivumishi kubadilika hata kikiwa kimetenganishwa na nomino yake na neno “ni”. “Kisu ni kikubwa, miti ni mikubwa, gari ni kubwa.” Mfaransa anafanya vivyo hivyo baada ya “est”. Mwanafunzi wangu hakuhitaji kufundishwa jambo hilo, alikuwa nalo tangu alipoanza kusema.

Sasa kimilikishi. Kitabu cha kwanza cha Kifaransa humwambia mwanafunzi kwamba “mon” ni “yangu” ya kiume na “ma” ni “yangu” ya kike. “Mon livre”, kitabu changu. “Ma maison”, nyumba yangu. Kanuni inaandikwa ubaoni, inanakiliwa, na kwa wiki kadhaa inafanya kazi bila tatizo. Kisha inakuja “mon école”, na mwanafunzi mwenye akili anafanya hesabu anayopaswa kuifanya: kama “mon” ni ya kiume, na hapa pameandikwa “mon”, basi “école” ni ya kiume. Yule asiyefikiri sana huenda akapatia kwa bahati. Anayefikiri ndiye anayekosa.

Kweli yenyewe ni kwamba “mon” hutumika pia mbele ya nomino ya kike, iwapo neno linalofuata papo hapo linaanza kwa irabu au kwa ile “h” isiyotamkwa ambayo Wafaransa huihesabu kana kwamba haipo. “Ma école” hutoa irabu mbili zinazogongana, “ma-e”, na masikio ya Wafaransa hayapendi kugongana huko. Kwa hiyo wanaazima “mon”, ambayo ina “n” mwishoni, na “n” hiyo inadondokea kwenye neno linalofuata. Hutasikia “mon” kisha “école”. Utasikia “mo-nekol”, kama neno moja. Vivyo hivyo kwa “ton” na “son”, yaani “yako” na “yake”.

Kwamba hili ni jambo la sauti na si la ngeli, kuna njia ya kulithibitisha ambayo naipenda kuliko maelezo yoyote. Ingiza kivumishi katikati. “Mon école”, lakini “ma nouvelle école”, shule yangu mpya. Shule ni ile ile na ngeli ni ile ile, ila “mon” imekimbia na “ma” imerudi, kwa kuwa sasa kinachofuata ni “n” ya “nouvelle” na si irabu. Geuza upande wa pili: “ma maison”, lakini “mon ancienne maison”, nyumba yangu ya zamani. Nyumba haijawa dume kwa kuzeeka. “Ancienne” inaanza kwa irabu, basi “mon” imeitwa kuja kuziba pengo. Mbele ya irabu kimilikishi hiki kinatazama herufi iliyo mbele ya pua yake tu, hakitazami ngeli ya nomino.

Wafaransa hawakufanya hivi siku zote. Katika Kifaransa cha kale walikuwa wakikata irabu ya “ma”, kama wanavyoikata leo ya “la” wanaposema “l'école”. Walisema “m'amie”, rafiki yangu wa kike. Kuanzia karne ya 12 hivi hadi ya 14, “m'” ikasukumwa nje kidogo kidogo na “mon” ikachukua nafasi yake. Mabaki yamebaki mahali pa ajabu: “m'amie” ilipoacha kueleweka, watu waliisikia kama “ma mie”, wakapata neno jipya “mie”, mpenzi, ambalo halikuwahi kuwapo. Neno limezaliwa kwa kusikia vibaya.

Na kwa nini “école” ianze kwa irabu hata iingie katika mtego huu? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo lenyewe linatuhusu. Kilatini kilisema “schola”. Wasemaji wa Kilatini cha mwisho katika nchi ya Gaul walikuwa na uzito wa kuanza neno kwa “s” iliyoambatana na konsonanti nyingine, wakatanguliza irabu ya kuwarahisishia ulimi. Likawa “escole”. Baadaye “s” ikanyamaza, ikaachia alama yake juu ya “e”, tukapata “école”. Wazee wetu walipoletewa meli ya mvuke walikuwa na uzito kama huo, wakasema “sitima”. Tofauti ni kwamba irabu yetu iliingia katikati, yao ikakaa mbele. Mwitaliano hakuweka irabu yoyote, ndiyo maana anasema “la mia scuola” na watoto wanaojifunza lugha yake hawana kesi hii.

Neno letu “shule” nalo limetoka kwenye “schola” hiyo hiyo, kupitia “Schule” ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Kwa hiyo “shule” na “école” ni ndugu wa tumbo moja waliopotezana, na ndugu yao wa tatu, “skuli”, yuko Unguja, amekuja kwa njia ya Kiingereza.

Ukishajua hila hii ya “s”, utawatambua wenzake “école”. Ngazi ni “échelle”, kutoka “scala” ya Kilatini. Nyota ni “étoile”, kutoka “stella”. Upanga ni “épée”, kutoka “spatha”. Yote haya ni ya kike, yote yanaanza kwa “é” iliyozaliwa kwa uvivu wa ulimi, na yote yanachukua “mon”: “mon échelle”, “mon étoile”, “mon épée”. Kuna na mengine ambayo hayana historia hiyo lakini yana mtego uleule. Kwa watu wa Mombasa baya kuliko yote ni “île”, kisiwa. Anayetaka kukisifu kisiwa kilicho ng'ambo ya Likoni ataandika “mon île”, na kama hana habari atamalizia “est petit et beau”. Sahihi ni “petite et belle”. Kule Changamwe kwenye viwanda kuna “usine”, kiwanda, nalo ni la kike: “mon usine”.

Nilipofika hapa binti akanikatiza. “Sasa mwalimu, kama ‘mon’ yadanganya, nitajuaje? Hata ‘l'école’ yaficha.”

Ni kweli, inaficha. “Le” na “la” zote hukatwa mbele ya irabu zikawa “l'”, na wingi “les écoles” na “mes écoles” hausemi jinsi ya chochote. Katika vibainishi vya kawaida aliyebaki mkweli mbele ya irabu ni “un” na “une”. “Une école”, “une île”, “une usine”. Wala si kwenye maandishi tu. Hata kwa sikio, “un” hupita puani, ilhali “une” hutamkwa kwa midomo iliyofanywa kama ya “u” na ulimi uliowekwa kama wa “i”, kisha “n” ikasikika wazi. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu wasinakili kamwe “l'école = shule” katika daftari la msamiati. Waandike “une école”. Aliyelijifunza neno likiwa na “l'” amelijifunza bila ngeli yake, na itamlazimu kubahatisha kila mara.

Lakini nilitaka kwanza kuwa na hakika kwamba nimeusoma ugonjwa sawasawa. Sentensi kama yake inaweza kukosewa kwa sababu tatu tofauti, na kwa macho zinafanana. Huenda mwanafunzi hajui kabisa kuwa “école” ni ya kike. Huenda anajua, lakini bado hajazoea kwamba kivumishi kilicho baada ya “est” kinapaswa kubadilika. Au huenda anajua yote mawili, ila “mon” imemvuta shati. Kila moja ina tiba yake, na kumwandikia “grande” kwa wino mwekundu hakutibu hata moja.

Nilimpa karatasi nikamwambia ajaze nafasi tatu bila kutazama kitabu. Ya kwanza: “Voici ___ école”, nikamweleza kwamba nataka neno la “moja”, si la “yangu”. Akaandika “une”, bila kusita. Kumbe ngeli ya neno anaijua, imo kichwani. Ya pili: “Ma maison est ___ et ___”, atumie vivumishi vilevile viwili. Akaandika “grande” na “belle”. Kumbe upatanisho baada ya “est” hauna shida, na hata umbo gumu la “belle” analo. Ya tatu: “Mon amie Fatma est ___”, mrefu. Kivumishi nilimpa katika umbo la kiume, “grand”. Akafikiri kidogo, akaandika “grande”.

Hii ya tatu ndiyo iliyonifurahisha. Mbele ya “amie” ameona “mon” vilevile, lakini hakuifuata, kwa kuwa Fatma ni mtu, na akili yake haikukubali kumfanya dume. Penye kiumbe hai maana ilimwokoa. Penye jengo hakuna maana ya kumwokoa, akashika kamba pekee aliyoiona, nayo ni “mon”. Ugonjwa ulikuwa ule wa tatu, bila shaka yoyote.

Nikamuuliza: “Mwanangu, wewe husemaje: rafiki yangu ni mzuri, au rafiki yangu ni nzuri?”

Akacheka. “Nani atasema rafiki yangu ni nzuri?”

“Na ‘yangu’ hiyo ni ya ngeli gani?”

Hapo akanyamaza. “Yangu” ni kimilikishi cha ngeli ya I-ZI: nyumba yangu, kalamu yangu, shule yangu. Katika ngeli hiyo kivumishi ni “nzuri”: nyumba yangu nzuri. Kama kimilikishi kingekuwa shahidi wa kuaminika, basi ingelazimu iwe “rafiki yangu nzuri”. Lakini kila mtoto wa pwani anasema “rafiki yangu mzuri”, “dada yangu mdogo”, “mama yangu mpendwa”, “jirani yangu mkorofi”. Kimilikishi kinavaa nguo za ngeli moja, kivumishi nguo za ngeli nyingine, katika maneno matatu yaliyofuatana, na masikio yetu hayahisi mgongano wowote. Mgeni anayejifunza Kiswahili ndiye anayejikwaa. Akishasikia “rafiki yangu” anahitimisha kwamba rafiki ni wa I-ZI, anasema “rafiki yangu ni nzuri”, na sisi tunamcheka. Alichokifanya mgeni huyo kwa “yangu” ndicho alichokifanya binti wa Likoni kwa “mon”.

Sitaki mfano huu ubebeshwe mzigo usio wake. Sababu hazifanani. Kwetu mgongano unatokana na rafiki kuwa kiumbe hai: vivumishi na vitenzi vinatazama uhai wake, huku kimilikishi cha majina kama haya ya ujamaa na ujirani kikibaki kwenye I-ZI. Kwa Wafaransa sababu ni irabu tu. Ila funzo la kisarufi ni lile lile, kwamba kimilikishi kinaweza kufuata kanuni yake chenyewe, na asiyejua hivyo akakiuliza ngeli ya nomino atajibiwa uongo.

Tuvitazame sasa vile vivumishi viwili, maana havifanyi kazi kwa njia moja.

“Grand” kwa kiume, “grande” kwa kike. Machoni mtu huona kwamba kike kimeongezewa “e”. Kwa sikio mambo ni kinyume. “Grand” hutamkwa kama “gran” ya puani, “d” yake imelala. “Grande” ndiyo inayoiamsha “d”. Hiyo “e” yenyewe haisikiki, kazi yake ni kubisha mlango wa konsonanti. Ndivyo ilivyo kwa “petit” na “petite”, “vert” na “verte”, “blanc” na “blanche”. Kwa sababu hiyo mimi hufundisha kinyumenyume: jifunze umbo la kike kwanza, kisha kata konsonanti ya mwisho upate la kiume. Ukiijua “petite” unajua ni “t” gani ya kunyamazisha. Ukianza na “petit” kwa sikio, “peti”, hakuna kitakachokuambia kwamba konsonanti iliyofichika ni “t” na si “d” wala “s”.

Mzungumzaji wa Kiswahili asishangae kwamba alama ya upatanisho inaweza kupotea masikioni. Itazame tafsiri ya sentensi yetu: “Shule yangu ni kubwa na nzuri.” Kwenye “nzuri” alama ya ngeli, “n”, inaonekana. Kwenye “kubwa” haionekani, ingawa ngeli ni ile ile. “N” hiyo humezwa mbele ya “k”, “p”, “t” na “f”, ndiyo maana tunasema nyumba kubwa, pana, tamu, fupi. Mbele ya “b” hugeuka “m”, nyumba mbaya. Ikikutana na “r”, “n” hubaki na “r” ndiyo inayogeuka “d”, nyumba ndefu. Sisi tunaweka alama mbele ya neno na wao wanaiweka nyuma, lakini pande zote mbili sauti za jirani huichezea.

Kuna jambo la pembeni kuhusu “grand” ambalo lingemfariji binti yule. Katika Kilatini kivumishi hiki, “grandis”, kilikuwa na umbo moja kwa kiume na kike. Kifaransa cha kale kikakirithi hivyo, na katika karne ya 12 mtu angesema kwa kike “grant” bila “e” yoyote, akawa amesema sahihi. “E” ilibandikwa baadaye ili kifanane na wenzake. Ushahidi bado upo katika neno ambalo kila anayeanza Kifaransa hujifunza wiki ya kwanza: “grand-mère”, bibi, neno la kike kabisa lenye “grand” isiyo na “e”. Nusu ya kosa la mwanafunzi wangu imechelewa miaka 800 tu.

“Beau” ni habari nyingine. Hapa huwezi kuongeza “e”, hakuna “beaue”. Shina ni lile la Kilatini, “bellus” kwa kiume na “bella” kwa kike. La kike limebaki karibu na asili, “belle”. La kiume lilikuwa “bel”, lakini “l” mbele ya konsonanti nyingine ililegea ikawa kama “u”, na kutoka huko tukapata “beau”. Umbo la kale “bel” halikufa. Linarudi mbele ya nomino ya kiume inayoanza kwa irabu: “un bel hôtel”. Ukiisikia “bel” hiyo haina tofauti na “belle”, na hapa mtego unageuzwa upande wa pili. Safari hii ni neno la kiume linalosikika kama la kike, kwa sababu ile ile ya kuzuia irabu zisigongane. “Nouveau” na “vieux” hufanya vivyo hivyo: “un nouvel hôtel”, “un vieil hôtel”. Tahadhari ni kwamba “bel” huja tu pale nomino yenyewe inapofuata. Baada ya “est” ni “beau”, hata kama neno linalofuata ni “et”: “L'hôtel est beau et grand.”

Hilo la hoteli sikulitaja bure. Katika kikundi chetu cha Jumamosi yumo kaka anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja upande wa Bamburi. Sentensi yake ya kujivunia, ambayo huirudia kila akipewa nafasi, ni “Mon hôtel est grand et beau.” Ni sahihi kila herufi. “Hôtel” ni ya kiume, “h” yake haisikiki, kwa hiyo hutamkwa “mo-notel”. Binti wa Likoni alikuwa ameisikia Jumamosi baada ya Jumamosi. Alipotaka kusifu shule yake alitoa neno moja akatia lingine, “mo-notel” ikawa “mo-nekol”, na vivumishi vikabaki pale pale. Hakuna njia ya kujua kwa sikio kwamba “mon” ya kaka yule ni ya kiume kweli na ya kwake ni ya kuazima.

Tiba ilichukua dakika kumi. Nilimtaka achukue nomino kumi zinazoanza kwa irabu, azitangulizie “un” au “une”, kisha azitangulizie “mon”, kisha aingize “petit” au “petite” katikati na kuona “ma” ikirudi pale tu nomino ilipo ya kike: “une idée, mon idée, ma petite idée”, “un avion, mon avion, mon petit avion”. Safu ya tatu ndiyo hakimu. Ikisema “ma”, nomino ni ya kike, hata kama safu ya pili imeapa vingine. Alipofika kwenye “école” nikamwonya asiiweke “grande” katikati bila kufikiri, kwa kuwa “grande école” kwa Wafaransa si shule yenye majengo makubwa. Ni jina la vyuo vyao maalumu vya mchujo mkali, kama École polytechnique iliyoanzishwa mwaka 1794. Mtoto wa kidato cha pili akidai anasoma huko atakuwa na mengi ya kueleza.

Mwisho nikamwambia aiandike upya sentensi yake ya kwanza, nikitarajia “Mon école est grande et belle.” Akainamia daftari, akafungua ukurasa wa nyuma wa kitabu palipo na orodha ya maneno, akapita na kidole, akaandika, akanipa.

“Mon lycée est grand et beau.”

Nikatafuta pa kukosoa nisipate. Shule ya sekondari ndiyo “lycée”, na kwa mwanafunzi wa umri wake ni neno linalofaa kuliko “école”, ambalo Mfaransa akilisikia hufikiria kwanza shule ya msingi. Lina “-ée” mwishoni, kama “idée” aliyotoka kuiandika, na kwa umbo hilo wengi hulidhania la kike. Ni la kiume, sawa na “musée”. “Mon” ni ya kweli safari hii, maana kinachofuata ni “l”. Na vile vivumishi viwili vilivyomgharimu alama mbili vimekaa pale pale alipoviweka tangu mwanzo, bila kuguswa.

“Umejuaje kuwa ni ya kiume?” nikamuuliza.

Akanigeuzia kitabu. Kwenye orodha hakukuwa na “le”. Palikuwa na “un”.